Tangazo la kazi London limeandika "viza tunadhamini": nitajuaje kabla sijaomba?

#1 Kijana_Segerea

Wakuu, habari za jioni. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya wasap hapa Dar. Cheo ni "Mtaalamu wa Lugha ya Kiswahili", ofisi ipo London, mshahara paundi 34,000 kwa mwaka, saa 40 kwa wiki, na chini wameandika "viza tunadhamini". Majukumu yaliyotajwa ni kupokea simu za wateja wa Afrika Mashariki, kujibu ujumbe wao, na "kutafsiri inapohitajika". Mstari wa mwisho unasema atakayeitwa kwenye usaili atalipia kwanza paundi 850 za cheti cha udhamini.

Nina miaka 24, digrii ya Kiswahili na isimu kutoka UDSM. Sijaomba na sijatoa senti. Kampuni yenyewe ipo, nimeiona mtandaoni na ina miaka. Swali langu: tangazo kama hili mtu analichambua vipi kabla ya kutuma maombi? Hilo neno "tunadhamini" linamaanisha nini hasa?

#2 Chinga_Msimbazi

Paundi 850 kabla ya usaili? Mwanangu, hapo hakuna cha kuchambua. Funga uzi tukalale.

#3 Dada_Upanga

Mimi naona jibu liko kwenye mshahara. Tangu 22 Julai 2025 kima cha chini cha viza ya kazi ya Uingereza, ile ya Skilled Worker, ni paundi 41,700 kwa mwaka. Tangazo linasema 34,000. Haifiki, kwa hiyo hawawezi kumdhamini mtu hata wakitaka. Kwisha kazi.

#4 Shehe_Mbagala

Kijana, udhamini ni kafili. Ukifika, mara nyingi pasipoti anaishika yeye, na ukitaka kuhama kazi kabla mkataba haujaisha unaomba ruhusa kwake. Kabla hujaenda uliza kafili ni nani na mkataba ni wa miaka mingapi. Wengi wanaokwenda Oman wanaumia hapo.

#5 Mzee_wa_Makabrasha

Shehe, ushauri wako mzuri kwa anayekwenda Maskati, ila kijana ameuliza London. Neno ni moja, mambo ni mawili. Kwa Waingereza mdhamini ni mwajiri mwenye leseni ya serikali ya kuajiri watu wa nje. Hashiki pasipoti yako. Anachokupa ni namba ya Certificate of Sponsorship, kwa kifupi CoS, yaani rekodi kwenye kompyuta ya uhamiaji wao. Hakuna karatasi yenye mhuri wala lakiri. Ukiona mtu anakutumia "cheti" cha PDF chenye nembo ya dhahabu, umeshajua unaongea na nani.

Dada Upanga, kuhusu mshahara uko sahihi nusu. 41,700 ni kima cha kawaida. Mwombaji aliye chini ya miaka 26 siku anayoomba anahesabiwa kama anayeanza kazi, na kima chake ni paundi 33,400, au asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa kazi hiyo, inayochukuliwa ni ile iliyo kubwa. Kijana ana miaka 24. Kwa hiyo kwa kima cha mwaka, 34,000 haimtoi nje. Tena nadhani aliyeandika tangazo anaijua sheria hiyo vizuri. Namba yake imekaa juu kidogo tu ya mstari.

Tuende hatua kwa hatua.

Kwanza, ukurasa wa gov.uk unaoitwa "Register of licensed sponsors: workers". Humo kuna faili la CSV la waajiri wote wenye leseni, na linasasishwa karibu kila siku ya kazi. Ni kubwa, simu ndogo inaweza kukwama kulifungua. Kwenye kompyuta unatafuta hivi:

```
grep -i "jina la kampuni" orodha.csv
```

Utapata mstari wa namna hii:

```
"JINA LA KAMPUNI LTD","London","","Worker (A rating)","Skilled Worker"
```

Watu wengi wakiona jina wanashangilia na kuacha kusoma. Soma safu mbili za mwisho. Ya mwisho ni njia ya viza. Kampuni inaweza kuwa na leseni ya "Global Business Mobility: Senior or Specialist Worker" tu, na hiyo ni ya kuhamisha mfanyakazi wake kutoka tawi la nchi nyingine. Wewe wa Segerea haikuhusu. Unataka palipoandikwa "Skilled Worker". Safu ya kabla yake ni daraja. "A rating" ni sawa. "B rating" maana yake wamepewa onyo na hawaruhusiwi kutoa CoS kwa mfanyakazi mpya mpaka wajirekebishe.

Fanya hiyo kwanza, halafu rudi hapa na ulichokiona.

#6 Chinga_Msimbazi

Mzee kaja na grep. Sisi wengine tunafungua kwa simu ya kitochi.

#7 Mzee_wa_Makabrasha

Nenda intaneti kafe ya mtaani, fungua kwa Exceli, bonyeza Ctrl+F. Jibu ni lilelile.

#8 Kijana_Segerea

Nimerudi. Jina lipo, A rating, Skilled Worker. Mji London. Kwa hiyo ni wa kweli?

#9 Binti_Kigamboni

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Orodha hiyo ipo wazi kwa dunia nzima, tapeli naye anaisoma. Anachagua kampuni halisi yenye leseni, anachukua jina na nembo, anatengeneza anwani ya barua pepe inayofanana, anatupa tangazo kwenye magrupu. Ukienda kukagua unakuta jina lipo, roho inatulia. Orodha inakuambia kampuni ina leseni. Haikuambii kwamba tangazo limetoka kwao.

Kwa hiyo usibonyeze kiungo kilicho kwenye tangazo. Nenda Companies House, daftari la serikali la kampuni za Uingereza, uchukue jina kamili la kisheria, kisha tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe na uingie kwenye ukurasa wao wa ajira. Kazi ipo pale? Kama haipo, andika kwa anwani iliyo kwenye tovuti ile na uwaulize kama tangazo ni lao. Halafu linganisha kinachofuata alama ya @ kwenye barua pepe ya tangazo na anwani ya tovuti, herufi kwa herufi. Wanapenda kuongeza neno kama "careers" au "uk" kwa kistari, au kubadilisha .com kuwa kitu kingine. Kijana, barua pepe ya tangazo lako inaishia na nini?

#10 Kijana_Segerea

Inaishia na jina la kampuni, kistari, halafu "recruitment". Tovuti yao yenyewe ni jina tupu bila hicho kistari. Ukurasa wa ajira una kazi tatu, ya Kiswahili haipo.

#11 Chinga_Msimbazi

Narudia. Funga uzi.

#12 Bavicha_wa_Posta

Msiwe wepesi hivyo. Kampuni nyingi zinatumia wakala wa kuajiri, na wakala ana anwani yake. Na kazi nyingine hazitangazwi kwenye tovuti ya kampuni. Hilo la kistari ni dalili, si hukumu.

#13 Binti_Kigamboni

Wakala angetumia jina lake mwenyewe, mkuu. Hapa mtu amevaa jina la kampuni. Ila sawa, tuseme hatujui. Aandike kwa kampuni aulize, gharama yake ni dakika tano.

#14 Dada_Upanga

Mzee #5, asante kwa sahihisho la miaka 26, nilikuwa nalichanganya na zile punguzo za wenye shahada ya uzamivu. Lakini nina swali jingine. Mnamjadili mwajiri tu, hakuna aliyeigusa kazi yenyewe. Kupokea simu za wateja ni kazi inayodhaminiwa?

#15 Mzee_wa_Makabrasha

Swali zuri kuliko yote humu.

Uingereza kila kazi ina namba ya tarakimu nne, inaitwa SOC. Mwajiri akiomba CoS lazima aandike namba hiyo, na viza inaangaliwa kwa namba, siyo kwa cheo kilichopambwa kwenye tangazo. Tangu 22 Julai 2025 kazi inayodhaminiwa kwa mtu mpya inatakiwa kuwa ya kiwango cha digrii, isipokuwa zile chache zilizowekwa kwenye orodha za upungufu.

Sasa chukua tangazo la kijana. Cheo kinasema mtaalamu wa lugha. Ukiita hiyo kazi ya mtafsiri au mkalimani, namba yake ni 3412, waandishi na watafsiri. Si ya kiwango cha digrii kwa hesabu zao, lakini imo kwenye orodha ya muda ya upungufu, Temporary Shortage List, ambayo imepangwa kufikia kikomo mwisho wa 2026. Kwa hiyo mtafsiri anaweza kudhaminiwa kwa sasa, ila hawezi kwenda na mke wala watoto.

Lakini rudi kwenye majukumu. Kupokea simu, kujibu ujumbe, na kutafsiri "inapohitajika". Hiyo ni huduma kwa wateja, kazi ya kituo cha simu, namba 7211. Haimo kabisa kwenye kazi zinazostahiki. Mwajiri akiandika 3412 kwenye CoS wakati kazi ya siku nzima ni simu, ofisa wa viza anaweza kukataa kwa kusema kazi iliyoelezwa si kazi halisi. Na anayekataliwa ni wewe uliyelipa ada, ingawa mwajiri naye anaweza kunyang'anywa leseni.

Kwa hiyo hata tangazo lingekuwa la kampuni yenyewe, na hata wasingedai senti, bado lina ugonjwa. Swali la kuwauliza ni moja, kwa maandishi: "CoS yangu itaandikwa kwa namba gani ya SOC, na kwa wiki nitatafsiri saa ngapi?" Mwajiri wa kweli analijibu kwa mstari mmoja. Tapeli anakwambia "usijali, idara yetu ya sheria inashughulikia".

#16 Shehe_Mbagala

Kwa hiyo Kiswahili chetu hakina kazi Ulaya? Kila siku tunaambiwa kinakua.

#17 Binti_Kigamboni

Shehe, kazi ipo, ila haiji na viza. Wakalimani wa Kiswahili wanaitwa mahakamani, hospitali na kwenye kesi za waomba hifadhi huko Uingereza. Tatizo ni kwamba wengi wao ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa saa au kwa wito. Udhamini unataka mshahara wa uhakika uliotajwa kwenye CoS. Mkalimani anayeitwa Jumanne hii na Ijumaa ijayo hana mshahara wa kuandika pale. Ndiyo maana wanaofanya hizo kazi ni watu ambao tayari wanaishi huko kihalali kwa njia nyingine.

#18 Bavicha_wa_Posta

Kuna njia ya kufundisha Kiswahili Marekani kupitia FLTA ya Fulbright. Unakwenda chuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, unasaidia darasa la Kiswahili, wanakulipia. Kijana mwenye digrii ya Kiswahili angeangalia huko badala ya kuhangaika na kituo cha simu London.

#19 Mzee_wa_Makabrasha

Ni kweli FLTA ipo na Kiswahili kimo. Mambo mawili uyaongeze. Ile ni viza ya J-1 ya mabadilishano, siyo udhamini wa ajira, na masharti yake yanakutaka urudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza ya kazi ya H-1B. La pili, tangazo la rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye nchi zilizowekewa vizuizi kwa sehemu, kuanzia 1 Januari 2026, na viza za J zimo. Kabla ya kuandika insha za maombi, mtu aangalie kwanza kama mlango uko wazi siku hiyo.

#20 Bavicha_wa_Posta

Hilo la Januari lilinipita. Asante.

#21 Fundi_Simu_Sinza

Naomba niulize la kwangu. Mimi nimetuma maombi zaidi ya thelathini kwa kampuni za IT zilizo kwenye hiyo orodha, zote A rating, zote Skilled Worker, mshahara juu ya 41,700. Hakuna hata moja iliyojibu zaidi ya ile "tunasikitika" ya saa mbili usiku. Kama wana leseni, kwa nini hawadhamini?

#22 Dada_Upanga

Kwa sababu ya gharama. Mwajiri analipa tozo ya ujuzi paundi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtu, pamoja na CoS. Kwa nini ajitwishe wakati kuna mtu hapohapo London?

#23 Mzee_wa_Makabrasha

Sababu naikubali, namba ni ya zamani. Tangu 16 Desemba 2025 tozo hiyo ni paundi 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa na 480 kwa ndogo au ya hisani. CoS ilipanda Aprili 2025 kuwa paundi 525. Piga hesabu ya miaka mitatu: kampuni kubwa, 1,320 mara tatu ni 3,960, ongeza 525, inakuwa 4,485. Kampuni ndogo, 1,440 ongeza 525, ni 1,965. Hapo hatujaweka wakili.

Na hapo ndipo linarudi lile la paundi 850 kwenye #1. Mwajiri haruhusiwi kukutupia tozo ya ujuzi. Na kwa CoS za Skilled Worker zilizotolewa kuanzia 31 Desemba 2024, haruhusiwi kukutoza ada ya CoS wala ya leseni. Akifanya hivyo anaweza kufutiwa leseni. Kwa hiyo hata kampuni halisi ikikudai pesa ya cheti, inajiweka kitanzi. Tena CoS hutolewa baada ya usaili na baada ya kukubaliana kazi. Hakuna CoS ya kwenda nayo kwenye usaili.

#24 Kijana_Segerea

Sasa mimi mwombaji nalipa nini kihalali? Nisije nikakataa kila kitu halafu nikaonekana mjuaji.

#25 Binti_Kigamboni

Unalipa ada ya viza na ada ya afya, na zote unalipa mwenyewe kwa kadi ndani ya gov.uk ukijaza fomu. Haziendi kwa mwajiri, haziendi kwa wakala, haziendi kwa namba ya simu ya mtu. Ada ya viza isiyozidi miaka mitatu ilipangwa paundi 769 Aprili 2025. Angalia ya siku unayoomba, hupanda. Ada ya afya ni 1,035 kwa mwaka, na unalipa ya miaka yote kwa mkupuo. Miaka mitatu ni 3,105. Jumla 3,874. Kuna waajiri wanaolipa kwa niaba yako, hilo ni la makubaliano.

Juu ya hapo uwe na paundi 1,270 zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, zisishuke hata siku moja. Mwajiri akiweka alama kwenye CoS kwamba atakugharamia mwezi wa kwanza, sharti hilo linakuondokea. Muulize mapema, watu wengi wa Dar wanakwama hapo kwa sababu wanakopa pesa wiki moja kabla. Na kipimo cha kifua kikuu kinatakiwa kwa Watanzania, kinafanywa kliniki ya IOM hapa Dar, cheti chake kinadumu miezi sita. Usikimbilie kupima kabla hujapata CoS.

#26 Fundi_Simu_Sinza

Hamjanijibu vizuri. Gharama ya paundi elfu nne kwa kampuni kubwa ni pesa ya mboga. Mimi naamini ni ile fomu. Kila fomu ina swali "je, utahitaji udhamini wa viza sasa au baadaye?" Nikijibu ndiyo, jibu la kukataliwa linakuja usiku uleule. Hakuna binadamu aliyesoma.

#27 Bavicha_wa_Posta

Basi jibu "hapana" upite, ukifika usaili uwaeleze. Wakishakupenda watadhamini.

#28 Binti_Kigamboni

Ushauri mbaya huo. Ukifika usaili wa tatu ukasema ulidanganya kwenye fomu, wanakuondoa kwa udanganyifu badala ya viza, na jina lako linabaki kwenye mfumo wao. Jibu ndiyo. Kwenye barua weka sentensi moja inayomrahisishia kazi: namba ya SOC ya kazi hiyo, kwamba mshahara waliotangaza unafikia kima, na kwamba utaomba kutoka nje ya nchi.

#29 Mzee_wa_Makabrasha

Fundi, naona kuna sababu ya tatu ambayo watu hawaijui. CoS ziko za aina mbili. Mtu aliye ndani ya Uingereza tayari, tuseme mwanafunzi anayebadilisha viza, anapewa ile isiyobainishwa, na mwajiri huwa na mgao wake wa mwaka. Wewe uliye Sinza unahitaji iliyobainishwa. Hiyo mwajiri lazima aiombe moja moja, akieleza kazi, mshahara na kwa nini. Kampuni nyingi zilizo kwenye orodha zilichukua leseni kwa ajili ya kijana mmoja aliyemaliza chuo hapohapo. Hazijawahi kuomba iliyobainishwa na hazina hamu ya kujifunza. Kwenye orodha zinafanana kabisa na zile zinazoajiri kutoka nje.

#30 Dada_Upanga

Hiyo ya #29 inaeleza mengi, lakini haielezi kwa nini jibu linakuja saa mbili usiku uleule. Mimi nabaki na gharama pamoja na fomu.

#31 Fundi_Simu_Sinza

Mimi nabaki na fomu peke yake. Ila swali la kuwauliza kabla ya kuomba nimelipata: "mmewahi kuleta mtu kutoka nje?"

#32 Shehe_Mbagala

Mjomba wa jirani anasema Ujerumani hawana mambo ya leseni. Unakwenda tu.

#33 Mzee_wa_Makabrasha

"Unakwenda tu" hapana, Shehe. Ni kweli mwajiri wa Ujerumani hahitaji leseni ya udhamini, kwa hiyo hakuna orodha ya kukagua. Mzigo unahamia kwenye cheti chako: kama digrii na chuo vinatambuliwa, unaangalia kwenye anabin, hifadhidata yao ya vyuo na vyeti vya nje. Na Chancenkarte ya tangu Juni 2024, ya kwenda kutafuta kazi ukiwa hukohuko, inataka pointi na uthibitisho wa pesa za kujikimu. Fungueni uzi wake, huu tumeshaujaza.

#34 Dada_Upanga

Kabla hatujatoka, Kijana, suala la Kiingereza. Una digrii ya UDSM, chuo kinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo huhitaji mtihani. Unapeleka cheti Ecctis, wale wahakiki wa vyeti vya nje wa Uingereza, wanakuthibitishia.

#35 Mwalimu_Mstaafu_Ubungo

Nimekuwa nasoma kimya, lakini hapa lazima nimsahihishe dada kwa heshima. Digrii ya kijana ni ya Kiswahili. Masomo ya Kiswahili UDSM yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Ecctis wanathibitisha digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza. Aliyesoma uhandisi hapo Mlimani hana shida. Aliyesoma Kiswahili pamoja na isimu amechanganya lugha mbili za kufundishia, na barua ya chuo itaandika ukweli huo. Ni kichekesho kidogo: anayetafutwa kwa Kiswahili chake ndiye anayekwama kwa sababu alikisoma kwa Kiswahili.

#36 Dada_Upanga

Mwalimu, shikamoo. Hilo sikulifikiria.

#37 Mwalimu_Mstaafu_Ubungo

Marahaba. Salama yake ni mtihani. Tangu 8 Januari 2026 kiwango cha Skilled Worker kwa anayeomba mara ya kwanza ni B2, zamani kilikuwa B1. Kwa IELTS hiyo ni 5.5 katika kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Ukipata 7 kwenye kusoma na 5 kwenye kuandika, umeanguka, wastani hausaidii. Na iwe ile iliyoandikwa "IELTS for UKVI". IELTS ya kawaida ina maswali yaleyale lakini kwa viza hii haipokelewi.

#38 Bavicha_wa_Posta

Mwalimu, kuna walioomba kwa barua ya chuo tu wakapita.

#39 Mwalimu_Mstaafu_Ubungo

Inategemea digrii na barua inasemaje. Kwa ya uhandisi naamini. Kwa ya Kiswahili sijaona namna.

#40 Kijana_Segerea

Wakuu, marejesho. Niliwaandikia kampuni kupitia anwani ya tovuti yao, na nikawaandikia na wale wa kistari nikawauliza namba ya SOC na saa za kutafsiri kwa wiki. Wa kistari wamejibu baada ya dakika ishirini: namba watanipa "baada ya malipo", na wameshusha kutoka 850 hadi 400 kwa sababu mimi ni "mwombaji mwenye sifa za kipekee". Kampuni bado hawajajibu.

#41 Chinga_Msimbazi

850 mpaka 400 bila hata kuombwa. Hata hapa mtaa wa Kongo hatushushi hivyo.

#42 Binti_Kigamboni

Chukua picha ya hayo mazungumzo, kayaripoti kitengo cha makosa ya mtandao polisi, na uyatume pia kwa kampuni yenyewe ili wajue jina lao linatumika. Wakikujibu, waulize swali la #31 vilevile. Wana leseni, huenda wana kazi nyingine.

#43 Fundi_Simu_Sinza

Na uwaulize kwa nini wanakataa watu saa mbili usiku.